Ndoo ya maji na kipande cha mpira: maelezo kwa mafundi wa Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumze nusu saa kabla ya chai juu ya mpira wa mashine unaosukumwa kwa ubavu, nami nimekuja na vitu vitatu tu: ndoo ya lita 20, mizani, na hiki nilichoshika mkononi. Walio nyuma nitawapitishia baadaye. Ni kipande cha mpira mweusi kilichobanwa kati ya mabamba mawili ya chuma. Hakikufungwa kwa bolti wala kwa waya. Mpira umeshikana na chuma chenyewe, kwa sababu ulipikwa ndani ya kalibu ukiwa umegusana na chuma kilichosafishwa kwa mchanga na kupakwa dawa yake, kwenye joto la nyuzi 150 hivi. Kila bamba lina bolti yake ya kufungia upande wa nje. Ni kitako cha mpira cha kukalishia mashine, na wengi wenu mmekifungua na kukifunga mara nyingi bila kukiuliza jina.

Hiki kingine kimechanika. Nilikichana mimi, na ndicho kilichonifundisha ninayotaka kusema leo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Igurusi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kulikuwa na chekeche la kutenganisha mchele na chenga. Chekeche hilo lilikuwa limekalia vipande vinne kama hiki, na kando yake kuna gurudumu ambalo shafti yake haikupita katikati, imepita pembeni kidogo. Gurudumu likizunguka, fimbo yake inalisukuma chekeche milimita 3 mbele na kulivuta milimita 3 nyuma, mchana kutwa. Vipande vya zamani vilikuwa na mpira wa unene wa milimita 30, vimezeeka na kupasuka. Mwenye mashine akaniuliza, "Fundi, huwezi kunitafutia vigumu zaidi? Hivi vinachezacheza mno." Nikamkubalia. Nikamletea vya ukubwa uleule kwa urefu na upana, ila mpira wake milimita 10. Nilivishika, nikavikandamiza kwa dole gumba, nikaona hivi ndivyo. Vyembamba, vimekaza, havichezi.

Wiki ya kwanza beringi ya ile fimbo ilianza kupata joto hata mkono haukai. Tukaongeza grisi. Wiki ya tatu kipande kimoja kikabanduka ukingoni, na kabla mwezi haujaisha vyote vinne vilikuwa vimekwisha. Mwenye mashine alisema nimemuuzia mpira feki. Mimi nilisema gurudumu lake limepinda. Wote wawili tulikuwa tumekosea, maana mpira ulikuwa mzuri na gurudumu lilikuwa salama.

Tuangalie basi kinachotokea ndani ya mpira bamba moja likisukumwa kwa ubavu.

Njooni karibu ninyi wa mbele. Ubavuni mwa kipande hiki kizima nimechora kwa kalamu nyeupe viboksi vidogo, kila kimoja milimita 10 kwa 10. Bamba la chini nimelibana kwenye jiliwa. Sasa nalisukuma bamba la juu kuelekea kulia. Tazameni mistari ya kulala: imebaki imelala, sambamba na mabamba, na urefu wake haukubadilika. Tazameni mistari iliyokuwa imesimama: imeinama yote kwa pamoja, kama mahindi shambani upepo ukivuma upande mmoja. Viboksi vimekuwa msambamba, havina tena pembe mraba. Mpira haukuvimba wala haukupungua. Kila tabaka limeteleza kidogo juu ya tabaka lililo chini yake, kama ukiusukuma mrundo wa karatasi kwa kiganja, isipokuwa hapa tabaka zimeshikana na zinataka kurudi.

Huko kuinama kwa mistari ndiko nitakakokuita mwinamo wa mkato. Kuupima ni rahisi kuliko jina lake. Chukua umbali ambao bamba la juu limehama, gawa kwa unene wa mpira. Likihama milimita 3 na mpira una milimita 30, mwinamo ni 3 gawa kwa 30, yaani 0.1. Hauna kipimo kama mita au kilo, kwa kuwa ni milimita zimegawanywa kwa milimita. Ukiutaka kwa pembe, ni nyuzi zisizofika 6.

Sasa kiangalieni kiboksi kimoja kwa makini, msikiache upesi. Kilipokuwa mraba, mstari wa kutoka kona hadi kona ulikuwa milimita 14.1 pande zote mbili. Kwa mwinamo wa 0.1, mstari mmoja wa kona umerefuka ukafika 14.9, na wa pili umefupika ukawa 13.5. Mnaona? Nimesukuma kwa ubavu tu, sikuvuta wala sikukandamiza, lakini ndani mpira unavutwa kwa mshazari mmoja na kubanwa kwa mshazari mwingine. Ndiyo maana nyufa za vipande vya namna hii mara nyingi hulala mshazari karibu na pembe. Na kama mashine ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, mtakuta nyufa mbili zinazokatana kama herufi X. Kipande kikiwa na alama hiyo, jueni ubavu ndio uliokiua. Msilaumu uzito uliokikalia.

Upande wa pili ni nguvu. Bamba hili lina urefu wa milimita 80 na upana wa milimita 50, kwa hiyo eneo lililoshikana na mpira ni milimita za mraba 4000. Nikisukuma kwa nyutoni 200, kila milimita ya mraba inabeba 200 gawa kwa 4000, sawa na 0.05. Nyutoni kwa milimita ya mraba ndiyo megapaskali, kwa hiyo mkazo wa mkato ni megapaskali 0.05. Angalieni kwamba eneo tunalogawia ni lile linalotazama bamba, lililo sambamba na nguvu. Wanafunzi wengi hugawa kwa eneo la ubavuni, lile wanaloliona kwa macho. Hilo si lenyewe.

Uwiano wa mkazo na mwinamo ndio moduli ya mkato, na vitabuni inaandikwa kwa herufi G:

G = (F / A) / (x / h)

F ni nguvu, A ni eneo, x ni umbali wa kuhama, h ni unene wa mpira. Kwa kipande changu, 0.05 gawa kwa 0.1 inatupa megapaskali 0.5. Huo ni mpira laini kiasi. Mipira ya kazi hizi huwa kati ya 0.3 na 1.5 hivi. Chuma cha mabamba haya kina megapaskali kama 80,000. Kwa hiyo tukisukuma, tunaweza kuhesabu kwamba chuma hakikuhama kabisa, na kila milimita tunayoiona ni ya mpira.

Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoteleza Igurusi. G ni tabia ya mpira wenyewe, jinsi ulivyochanganywa na kupikwa. Ukikata mpira uleule uwe mnene au mwembamba, mpana au finyu, G haibadiliki. Kinachobadilika ni ugumu wa kipande kizima, yaani nyutoni ngapi kwa kila milimita moja ya kuhama. Huo ni G mara eneo, gawa kwa unene. Kipande cha milimita 30 kinadai nyutoni 67 hivi kwa kila milimita. Cha milimita 10, mpira uleule na eneo lilelile, kinadai 200. Mimi nilipokikandamiza kwa kidole nikasema "mpira huu umekaza", sikuwa ninaupima mpira. Nilikuwa ninapima unene wake. Tena nilikandamiza kwa juu, na kwa juu kipande kilichoshikana na mabamba hukaza zaidi ya kinavyokaza kwa ubavu, kwa sababu mpira hauwezi kupunguza ujazo wake. Ukibanwa unatafuta pa kuvimbia, na mabamba yanaukatalia. Kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokosa pa kutokea. Kidole juu ya bamba hakisemi chochote kuhusu mkato.

Turudi sasa kwenye chekeche. Swali la kuuliza kwanza, kabla ya kushika spana, ni hili: mashine inakipa kipande nguvu, au inakipa safari?

Kama inakipa nguvu, kwa mfano mkanda unaovuta kwa nyutoni 200 daima, basi mkazo ni uleule 0.05 kwa kipande kinene na chembamba, na mwinamo ni uleule 0.1. Kipande chembamba kitahama milimita 1 badala ya 3, basi. Hakiumii zaidi. Katika hali hiyo mwenye mashine angekuwa na haki ya kuomba chembamba.

Lakini gurudumu lile halitoi nguvu iliyopimwa, linatoa safari. Litasukuma milimita 3, upende usipende, na litadai nguvu yoyote inayohitajika ili lizifikie milimita zake. Mpira wa milimita 30 ulikuwa unainama 0.1 kila upande. Nilipoweka wa milimita 10, milimita zilezile 3 zikawa mwinamo wa 0.3. Mkazo ukapanda kutoka 0.05 hadi 0.15. Kila kipande kikadai nyutoni 600 badala ya 200, na vyote vinne kwa pamoja 2400 badala ya 800. Hizo zote zilipita kwenye fimbo na beringi yake, mbele na nyuma, kila mzunguko. Hapa sijaingiza nguvu ya kutikisa uzito wa chekeche lenyewe; nasema deni la mpira peke yake. Beringi iliyokuwa inachemka ilikuwa inatuambia jambo hili wiki mbili kabla mpira haujabanduka, nasi tukaijibu kwa grisi.

Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri kuliko mimi, aliniambia: basi ungechukua mwembamba wa mpira laini zaidi. Nilikaa nikapiga hesabu. Ili kipande cha milimita 10 kidai nyutoni 200 zilezile, G lazima iwe theluthi ya 0.5, yaani 0.17 hivi. Huo ni mpira laini mno, ni shida kuupata na kuubebesha chekeche. Na hata ungepatikana, mwinamo ungebaki 0.3, kwa kuwa mwinamo ni safari gawa kwa unene, na G haimo humo. Ungeiokoa beringi, lakini mpira ungeendelea kupinda mara tatu ya ule wa kwanza kwa kila mzunguko, mamilioni ya mizunguko. Dawa ya mwinamo uliotokana na safari ni unene peke yake.

Msije mkaondoka hapa mkisema kila kitu kinene. Kipande kirefu kwenda juu kuliko upana wake hulegea, hupinda kama mshumaa karibu na moto na mzigo ukakiangukia. Kwa kitako cha milimita 50 mimi singependa kupita unene wa 30.

Hesabu hii mtaikuta pia kwenye madaraja. Kati ya boriti ya zege na nguzo huwekwa pedi ya mpira, na boriti hurefuka kwa jua na kufupika kwa baridi. Chukueni boriti ya mita 20 na tofauti ya joto la nyuzi 25: zege litahama kama milimita 5. Hiyo ni safari, haina mjadala. Pedi yenye mpira wa milimita 20 kwa jumla itainama 0.25. Ya milimita 5 ingeinama 1, yaani pembe ya nyuzi 45, na nguvu inayosukuma kichwa cha nguzo ingekuwa mara nne. Wenye kazi hiyo huweka mabamba membamba ya chuma katikati ya tabaka za mpira, ili mpira usivimbe kwa uzito wa juu huku ukibaki laini kwa ubavu. Sitaingia ndani zaidi, maana leo chombo chetu ni ndoo.

Ndoo basi. Nataka kila mmoja aweze kupima G kwenye banda lake. Funga bamba moja ukutani au kwenye jiliwa, mabamba yakiwa yamesimama wima, halafu ning'iniza ndoo kwenye bamba la pili. Tia maji mpaka ndoo na maji yake vifike kilo 20.4 kwenye mizani. Hizo ni nyutoni 200. Pima kwa venia bamba limeshuka kiasi gani.

Juzi kijana wangu wa kazi alifanya hivyo kwa kipande hikihiki akapata milimita 3.5. Akapiga hesabu, akaniletea G ya 0.43. Nikamwambia apime nafasi kati ya mabamba, juu na chini. Juu ilikuwa 30.7, chini 29.3. Mmeelewa? Ndoo imening'inia nje ya ukuta, kwa hiyo haivuti chini tu, inapindua pia. Bamba la nje linafunguka juu na kufunga chini, na kule kupinduka kunaongeza mshuko wa uongo. Mabamba yasipobaki sambamba, kipimo si cha mkato mtupu, na G hutoka ndogo kuliko ilivyo.

Tiba yake ni vipande viwili. Viweke mgongo kwa mgongo, katikati kuwe na bamba moja la pamoja, na mabamba ya nje yafungwe kwenye fremu ya chuma kushoto na kulia. Ndoo ining'inie bamba la katikati. Sasa kupinduka kwa kushoto kunazuiwa na kulia, na bamba linashuka wima. Mzigo unagawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo unahitaji ndoo mbili ili kila kipande kipate nyutoni 200. Unapofunga fremu, usibane vipande wala usivivute. Viache kwenye unene wao.

Na mpira mpya usiuamini mara ya kwanza. Mpira wenye masizi ya kuimarisha hukataa kidogo unapovutwa mara ya kwanza, kisha hulainika. Vuta na kuachia mara tatu au nne kwa mzigo uleule ndipo uanze kuandika. Halafu subiri dakika moja kabla ya kila kipimo, kila mara dakika hiyohiyo, kwa sababu mpira ukibeba mzigo huendelea kushuka polepole. Anza na nyutoni 50 kwa kila kipande, uende 100, 150, 200. Mkipata milimita 0.75, 1.5, 2.25 na 3, mmepata mstari mnyoofu na G yenu ni ya kuaminika. Hatua za mwisho zikiruka kuliko za mwanzo, achia mzigo, chukua tochi, chungulia ukingoni: huenda mpira umeanza kuachana na bamba.

Kuachana huko kuna aina mbili, na hapa nawapitishia kile kilichochanika. Pitisheni kidole kwenye chuma. Kona hii chuma kimebaki safi, kinang'aa, mpira umetoka wote kama plasta kwenye kidonda. Mshikano ndio ulioshindwa: chuma hakikusafishwa, au dawa haikupakwa vizuri, au joto la kalibu halikutosha. Kona ile ya pili mpira umebaki kwenye chuma pande zote mbili, umeraruka katikati yake. Huko mshikano ulikuwa mzuri na mpira ndio ulioshindwa, kwa mwinamo uliopita uwezo wake. Vipande vya Igurusi vilikuwa na kona tatu za aina ya pili na moja ya kwanza. Ningejua kusoma hivyo siku ile, nisingebishana na mwenye mashine habari ya mpira feki.

Mzee hapa mbele ananiuliza, je, akikata mpira wa tairi na kuubandika kwa gundi ya viatu? Mzee wangu, kwa uzito wa juu tupu unaweza kukuvusha siku kadhaa. Kwa ubavu hapana. Ndani ya tairi kuna nyuzi, kwa hiyo G yake kwa upande mmoja si sawa na upande mwingine, na gundi ile huanza kubanduka ukingoni, palepale mpira unapovutwa kwa mshazari. Ukilazimika, upime kwanza kwa ndoo, tena ugeuze upande upime upya.

Igurusi nilirudi na vipande vya milimita 30, kwa gharama yangu. Beringi ilipoa siku hiyohiyo.

Fremu ya vipande viwili iko pale mlangoni, ndoo ziko mbili, na bomba lipo nyuma ya jengo. Anzeni na nyutoni 50, na mmoja wenu ashike saa.